Ukisifiwa, usiseme "kawaida tu": Namna ya kupokea sifa kwa Kiswahili na Kiingereza

Jumatatu asubuhi, ofisi yoyote ile Mbeya mjini. Dada wa mapokezi kaingia na gauni jipya, mwenzake kamwona.

"Umependeza leo!"

"Aah wapi, la mtumba hili, nimeokota Mwanjelwa."

"Lakini limekukaa vizuri."

"Hamna bwana, unanitania."

"Kweli, nakwambia."

"Kwanza limepauka, hulioni?"

Hapo aliyesifu kaishiwa maneno. Alikuja na neno moja zuri, sasa yuko kwenye ubishi asioutaka, tena anaambiwa macho yake hayaoni vizuri. Kesho hatasema kitu.

Mazungumzo ya aina hii yapo kila siku, kuanzia Mbeya hadi Iringa na kwingineko. Mtu hakwepi sifa kwa sababu ya dharau. Anakwepa kwa sababu hataki kuonekana anajisikia. Shida ni kwamba anayesikiliza hapati unyenyekevu, anapata kukataliwa.

Kwa nini ulimi unakimbilia "aah wapi"?

Kiswahili chenyewe kinamwonya mtu asilewe sifa. Methali inasema: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mtu wa Iringa anaielewa haraka, maana wagema wa ulanzi anawajua. Mwanzi mchanga hukatwa ncha, maji yake matamu yakachuruzika kwenye chombo. Mgema akishajua wateja wanamsifu, methali inasema, ataanza kuongeza maji akijua watakunywa tu.

Lakini angalia vizuri kosa la mgema ni lipi. Kosa lake ni kuharibu kazi baada ya kusifiwa. Kusema "asante" si kutia maji kwenye ulanzi.

Na si Watanzania peke yao wanaobabaika. Mwaka 1978 mtafiti Mmarekani Anita Pomerantz alichapisha uchambuzi wa mazungumzo ya wasemaji wa Kiingereza, akiangalia watu hujibu nini wakisifiwa. Alionyesha kwamba msifiwa huvutwa pande mbili kwa wakati mmoja. Upande mmoja anatakiwa kukubaliana na mwenzake, upande wa pili anatakiwa asijisifu. Akikubali sana anajisifu, akikataa anambishia mwenzake. Ndiyo maana hata Wamarekani hao walipunguza sifa, waliisukuma kwa mtu mwingine au waliirudisha kwa aliyeitoa.

Kwa hiyo linalotafutwa ni jibu linalomkubali msemaji bila kumpandisha msifiwa.

Jibu lenyewe: pokea, ongeza kitu kimoja, nyamaza

Hatua ya kwanza ni "asante", na inatangulia kabla ya neno lingine lolote. Ukianza na "aah" au "hamna", sifa imeshakataliwa hata kama "asante" itakuja baadaye.

Hatua ya pili ni kuongeza jambo moja la kweli kuhusu kitu kilichosifiwa. Mtu akisifu pilau, mwambie ni mchele wa Kyela. Akisifu shati, mwambie fundi alikushonea wapi. Ukweli mdogo kama huo haukusifu wewe, unazungumzia kitu. Pia unampa mwenzako pa kuendeleza stori.

Hatua ya tatu ni kuacha. Sentensi mbili zinatosha. Sentensi ya nne ndiyo inayoanza kusikika kama majivuno, au kama kujitetea.

Sasa rudi kwa dada wa mapokezi. Habari ya Mwanjelwa haikuwa na ubaya wowote. Aliitumia kuishusha sifa, angeweza kuitumia kuipokea. "La mtumba hili" ikitangulia na "aah wapi" inasikika kama kukataa. Maneno yaleyale baada ya "asante" yanakuwa habari njema: kumbe Mwanjelwa kuna magauni mazuri.

Kwa Kiswahili, angalia nani kasema

Akisifu mkubwa, jibu libebe heshima ya kumtaja: "Asante mama, nashukuru." "Asante mzee, nimefurahi kusikia hivyo." Kuinamisha kichwa kidogo kunatosha, huna haja ya kujishusha kwa maneno. Mkubwa akisema kazi yako ni nzuri halafu ukamjibu "si nzuri", umemrekebisha mkubwa.

Akisifu wa rika lako, jibu linaweza kuwa jepesi: "Asante ndugu yangu, nilikesha nayo hiyo." Wakisifu wengi kwa pamoja, sema "asanteni", maana "asante" ya mmoja inawaacha wengine nje.

Wengi hupenda kumtaja Mungu, na hilo halina shida kama shukrani ya mtu imesikika. "Asante sana, namshukuru Mungu" inawafikia wote wawili. "Ni Mungu tu" ikisimama peke yake inaweza kumwacha aliyesifu bila jibu lolote.

Vipi kuhusu "na wewe pia umependeza"? Ni nzuri kama ni kweli. Ikirudishwa palepale bila hata kumtazama mtu, inasikika kama deni linalolipwa ili liishe. Afadhali usubiri, umsifu baadaye kwa jambo ulilolichunguza.

Kwa Kiingereza, mitego iko kwenye tafsiri

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Maneno yanayopita vizuri kwa Kiswahili yakihamishwa neno kwa neno yanabadilika maana.

"Kawaida tu" ikawa "It's just normal". Mgeni anasikia kwamba kitu hicho hakina la pekee, yaani amekosea kukipenda.

"Najitahidi" ikawa "I am trying". Kwa Kiswahili ni jibu zuri la unyenyekevu. Kwa Kiingereza linasikika kama mtu ambaye bado hajaweza. Ukitaka kusema ulitoa jasho, sema "Thank you, I worked hard on it".

Mtego huo unakuwepo hata ukisifu wewe. "Umejitahidi" ni pongezi, ila "You tried" masikioni mwa Mwingereza ni kama pole kwa aliyeshindwa.

"Na wewe pia" ikawa "Even you". Neno hilo linabeba mshangao, kana kwamba hukutarajia yule mtu apendeze. Sema "You too", au "So do you" kama ameshasema "You look nice".

"Karibu" ikawa "Welcome". Mtu akisifu chai yako kwa Kiswahili, "karibu" inafaa kabisa, kwamba anywe zaidi. Kwa Kiingereza, "You're welcome" hujibu shukrani. Akisema "This tea is very good", jibu ni "Thank you, I'm glad you like it". Akishasema "Thank you", hapo ndipo "You're welcome" inapoingia.

Ukisahau yote, "Thank you" peke yake inatosha. Itamke taratibu, mwangalie mtu usoni, usicheke cheke kuificha.

Mfano: kikapu kimoja, majibu mawili

Chukulia dada anayeuza vikapu Iringa mjini. Vikapu vya Iringa vinasukwa kwa milulu, na wageni wanaopita kwenda Hifadhi ya Ruaha huvipenda. Mgeni mmoja anashika kikapu, anasema: "This basket is beautiful. Did you make it?"

Dada, kwa aibu, anajibu: "No, no, it is just normal."

Alikuwa anakataa sifa. Lakini mgeni aliuliza swali pia, na "no" imelijibu. Sasa anaamini kikapu kimesukwa na mtu mwingine, tena ni cha kawaida. Dada akitaja shilingi 30,000, bei inaonekana kubwa kwa kitu ambacho mwenyewe amekiita cha kawaida. Mgeni akianza kupunguza, hoja kapewa na muuzaji.

Jibu la pili: "Thank you. Yes, I made it. It took me three days."

Hakuna majivuno hapo. Amepokea, amejibu swali, ameongeza ukweli mmoja, kanyamaza. Siku 3 hizo zinaifanya bei ieleweke kabla haijatajwa. Lakini kama kikapu kimesukwa na shangazi yake, aseme hivyo: "Thank you. My aunt made it." Sifa ikimfikia mwenye kazi, haijakwepwa.

Mgeni anaweza kuongeza: "Your English is very good!" Wengi hujibu "No, my English is bad", halafu wanaendelea kuongea Kiingereza kizuri tu. Sema: "Thank you. I practise with visitors."

Hesabu hiyohiyo iko kwenye usaili wa kazi. Msaili akisema ripoti yako ya mafunzo kwa vitendo ni nzuri na wewe ukajibu "ni ya kawaida", ameshaandika. Kama mlifanya wawili, gawana kwa ukweli: "Asante. Mimi niliandika, hesabu alifanya mwenzangu." Kugawana sifa ni tofauti na kuitupa. Anayegawana anabaki na fungu lake, anayeitupa anasema "sikufanya kitu".

Si kila sifa inadai jibu refu

Kuna sifa ambayo ni ombi. "Viatu vizuri hivyo!", halafu mtu ananyamaza, anaviangalia, anakuangalia. Kimya hicho ndicho dalili. Jibu "asante" na uishie hapo. Ukianza kusema "ah, vya bei rahisi tu", umemrahisishia kuviomba.

Kuna sifa yenye mwiba, kama "leo umependeza kweli, si kama siku zile". Pokea sehemu nzuri tu, "asante", huna haja ya kujibu iliyobaki.

Na kuna maneno ya mtaani kuhusu mwili wa mtu, yanayotolewa na mtu asiyekujua, kwa sauti ya kukusumbua. Hiyo siyo sifa, hata ikivaa maneno ya sifa. Hudaiwi asante. Pita zako.

Zinazobaki, ambazo ndizo nyingi, zinataka sekunde chache tu. Rudi pale mapokezi, Jumatatu ileile:

"Umependeza leo!"

"Asante mpenzi. Nimelipata Mwanjelwa Jumamosi, fundi akanipunguzia kiunoni."

"Fundi yupi huyo? Nina langu linanipwaya."

"Njoo mchana nikupeleke."