Jipe ya gode: juu ya nini inapinda upande mmoja

Kazimia – Mama akileta kikwembe kwa fundi na kuomba jipe inayobana kwenye kiuno na kufunguka chini, fundi anakata vipande 6 vya urefu, kisha anaingiza gode kati yao. Gode ni kile kipande cha pembe tatu kinachoshonwa kwenye upindo wa chini. Mara nyingi jipe inatoka vizuri kwenye meza, lakini ikivaliwa gode zinavutwa upande mmoja. Kosa linakuwa kwenye makasi, si kwenye mashine.

Tuchukue mteja mwenye nyonga za sentimetri 96. Kila kipande kitakuwa na upana wa 16, ukiongeza 1.5 ya mshono kila upande, unakata 19. Gode itaanza sentimetri 30 kutoka chini.

Pembe ya gode inapatikana hata bila vifaa vya shule. Kunja kona ya karatasi mpaka kingo zake mbili zikutane: hiyo ni digrii 45. Kata kwenye mkunjo huo, kisha kunja tena katikati ili upate mstari wa kati. Toka kwenye ncha, pima 30 kwenye kila upande na pia kwenye mstari wa kati, unganisha kwa upinde. Ukikata chini kwa mstari ulionyooka, pembeni kutakuwa na urefu kuliko katikati. Upinde huo una karibu sentimetri 23.5, gode 6 zinaongeza 141, na upindo wa chini unafika 237. Usisahau kuongeza 1.5 ya mshono kila upande na 2 za kukunja chini.

Sasa ndipo kwenye siri. Mstari wa kati wa gode lazima uende sambamba na ukingo wa kikwembe, ule wenye maandishi ya kiwanda. Hapo kingo zote mbili zinakata nyuzi kwa mshazari sawa, na zinavutika sawa. Ukiweka ukingo mmoja kwenye nyuzi zilizonyooka ili kuokoa kitambaa, ule mwingine peke yake utavutika, na gode itapinda. Unaweza kupindua gode kichwa chini ili zikae kwa kubanana, nyuzi hazibadiliki. Lakini kama kikwembe kina ndege ama maua yanayoangalia juu, nusu ya gode zitakuwa na ndege wanaotembea kichwa chini.

Wakati wa kushona, anzia kwenye ncha, shuka chini, upande mmoja kisha mwingine, bila kuvuta. Sindano ikipita alama ya ncha, hata kidogo, inabaki mkunjo usiotoka kwa pasi.

Halafu tundika jipe usiku mmoja kabla ya kukunja chini. Sehemu za mshazari zinashuka. Asubuhi, sawazisha kwa kupima toka sakafuni, mteja akiwa ameivaa.