Fundi Taa na Linki Yake

Tamasha la Sanaa na Utamaduni la Bagamoyo lipo toka 1982, na kila likipigwa pale chuoni TaSUBa, mtaa mzima unabaki kumtaja mcheza ngoma, mpiga marimba, na yule dada aliyeruka sarakasi. Mwana aliyekaa nyuma gizani akiendesha taa hakuna anayemjua. Halafu ndiye huyo huyo akimaliza chuo anaanza kuzunguka na bahasha kwenye hoteli za ufukweni, akikosa anapanda daladala kuvuka Bunju kufuata kumbi za Dar. Ndani ya bahasha kuna cheti, barua, na sivii ya kurasa tatu. Meneja anaipokea, anaiweka juu ya bahasha za wenzake, basi.

Shida ni kwamba karatasi haiwezi kuonyesha taa. Kazi ya fundi taa inataka ionekane, na ndiyo maana huyu dogo, kuliko hata mhasibu, anatakiwa awe na tovuti yake mwenyewe. Ukurasa mmoja tu unatosha. Juu kabisa jina na kazi kwa mstari mmoja: "Fundi taa za jukwaa, Bagamoyo, niko tayari kusafiri." Chini yake kazi tatu alizofanya, kisha sivii fupi, kisha namba. Bosi anafungua linki huku anatembea kutoka jikoni kwenda mapokezi, kwa hiyo asipoona kazi ya mtu mapema, anafunga anaendelea na mambo yake.

Hapo kwenye kazi tatu ndipo wana wengi wanapochemka. Wanamwaga picha ishirini bila neno hata moja. Tamasha huwa linafanywa na watu kibao, sasa bosi atajuaje wewe ulifanya nini? Ulikuwa mezani unaendesha, au ulibeba nyaya? Vyote ni kazi halali, ila sema ukweli wako. Tuseme dogo wetu aliwasha onyesho la mwisho wa muhula. Aandike hivi: "Jukwaa la wazi, saa mbili usiku. Taa 12 za pari za LED. Nilichora mpango wa taa, nikafunga na mwenzangu, nikaendesha peke yangu. Kwenye mazoezi taa za mwisho zilikuwa zinachezacheza. Nilifunga kipingamizi cha omu 120 mwisho wa waya wa DMX, zikatulia."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayompa ajira. Ishara ya DMX ikifika mwisho wa waya bila kipingamizi, inagonga inarudi nyuma na kuvuruga ishara inayokuja, ndiyo taa zinaanza wenge. Mtu aliyewahi kupanda ngazi usiku kutafuta taa gani inazingua akisoma hapo anajua huyu kakutana na kazi kweli. Neno kama "mchapakazi na mbunifu" halimwambii kitu, kila bahasha mezani kwake inalo.

Pembeni ya maelezo weka picha mbili: onyesho lenyewe, na ule mpango wa taa uliochora kwa mkono, umepigwa picha mchana kwenye mwanga mzuri. Ya onyesho ina maujanja yake. Simu ikiona giza kubwa nyuma inalazimisha mwanga, uso wa mcheza ngoma unatoka mweupe kama umeungua na rangi uliyoihangaikia inapotea. Gusa uso wake kwenye kioo, shikilia mpaka simu ijifunge hapo, halafu shusha mwanga kidogo ndipo upige. Ukiona mistari myeusi inakatiza picha, hiyo ni LED inawaka na kuzima haraka kuliko jicho linavyoona. Punguza kasi ya kamera ikiwa simu yako inaruhusu.

Sasa uzito. Picha moja ya simu inaweza kufika MB 4. Weka kumi, tayari MB 40 za bando la mtu ambaye hata hakujui. Zipunguze upana hadi pikseli 1200, kila moja itashuka mpaka kama KB 200, zote kumi zinakuwa MB 2. Kwenye simu hakuna atakayeona tofauti.

Pa kuiweka tovuti ni bure kabisa, wala usitoe mkwanja. GitHub Pages inakupa anwani ya `jinalako.github.io` ukifungua hifadhi yenye jina hilo hilo na kuweka faili la `index.html` ndani. Kitu kimoja kinachowaumiza watu: kule herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili tofauti. Kamera imekupa `Taa1.JPG`, wewe umeandika `taa1.jpg`. Kwenye laptopu ya Windows picha inatokea fresh, ukipandisha mtandaoni unakuta kiboksi kitupu. Badili majina yote yawe herufi ndogo kabla ya kupandisha. Mistari hii miwili nayo usiikose:

```html
<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">
<a href="https://wa.me/2557XXXXXXXX">Nicheki WhatsApp</a>
```

Wa kwanza unafanya maandishi yakae sawa na kioo cha simu, bila huo bosi anaona herufi za sisimizi. Wa pili unafungua maongezi moja kwa moja. Namba inaanza na 255, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mbele. Ukiweka 07 tu, linki haifiki kwako, na bosi hatapoteza muda kuitafuta namba yako sehemu nyingine.

Halafu hili nalisema kwa uchungu kabisa. Sivii zetu za Bongo tunajaza kila kitu: tarehe ya kuzaliwa, dini, ndoa, namba ya NIDA, majina ya wadhamini na simu zao. Kwenye bahasha inasomwa na mtu mmoja. Mtandaoni inasomwa na yeyote, wakiwemo matapeli. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, usiiweke kabisa. Wadhamini andika "watatolewa wakihitajika". Namba zao siyo mali yako, na tangu Mei 2023 nchi ina sheria ya kulinda taarifa binafsi inayofanya kazi. Na ujue hili: ukitumia GitHub Pages bure, hifadhi yako lazima iwe wazi kwa wote, na inatunza kila toleo la nyuma. Ukipandisha sivii yenye NIDA leo ukaifuta kesho, bado ipo kwenye historia. Safisha faili kwanza, pandisha baadaye.

Ajira za serikali hazipatikani kwa linki hii, huko unapita kwenye Ajira Portal na vyeti vyako. Hii ni ya hoteli, kumbi, bendi na waandaaji wa matamasha kuanzia Bagamoyo mpaka Unguja.

Ukimaliza, usimtumie bosi kwanza. Mtumie mshikaji mwenye simu ya bei ya chini, akae kwenye daladala ya Makumbusho akiwa na bando lake la kawaida, aifungue, kisha abonyeze namba yako. Meseji yake ikikufikia, tovuti iko tayari, anza kuituma.