Mchujo Kwanza, Mpangilio Baadaye: Jinsi YouTube Inavyokuchagulia Video

Ukifungua YouTube, ukurasa wa mwanzo hujaa video papo hapo. Video hizo chache zimetolewa katika hazina ya mamilioni, na kila mtazamaji anapata orodha yake. Mwaka 2016 wahandisi watatu wa Google, Paul Covington, Jay Adams na Emre Sargin, walieleza katika mkutano wa RecSys mjini Boston jinsi kazi hiyo ilivyokuwa ikifanyika. Mitambo imebadilika sana tangu wakati huo, lakini muundo walioueleza bado unatumika katika majukwaa mengi makubwa ya video: hatua ya kwanza huteua wagombea, hatua ya pili huwapanga.

Sababu ya kugawa kazi hivyo ni muda. Mtazamaji hasubiri, kwa hiyo jibu lazima lipatikane ndani ya makumi ya milisekunde. Tuseme modeli makini inahitaji sehemu moja ya kumi ya milisekunde kuipima video moja. Video 300 zingechukua milisekunde 30, na hilo linavumilika. Video milioni moja zingechukua sekunde 100, na kufikia hapo mtazamaji ameshafunga programu. Ndiyo maana inatangulia modeli nyepesi inayopunguza mamilioni kuwa mamia, kisha modeli nzito inachukua muda wake juu ya hayo mamia tu.

Wepesi wa hatua ya kwanza unatokana na namna inavyomwona mtu na video. Kila video hupewa vekta, yaani safu ya namba. Katika mfumo ule wa 2016 zilikuwa namba 256. Mtazamaji naye hupewa vekta yenye urefu huohuo. Ili kuipata, mfumo huchukua video 50 alizotazama karibuni na vipande 50 vya maneno aliyotafuta karibuni, huchukua wastani wa vekta zake, huongeza mambo kama mahali alipo na kifaa anachotumia, kisha hupitisha yote katika mtandao wa neva. Modeli hufundishwa kwa swali moja: kati ya video zote, ni ipi mtu huyu ataitazama sasa? Mafunzo hayo huzivuta vekta za video zinazotazamwa na watu wa aina moja zikae karibu.

Saa ya kutoa huduma, vekta za video zimeshakokotolewa na kuhifadhiwa. Kinachobaki ni kukokotoa vekta moja ya mtazamaji na kutafuta video zilizo karibu nayo. Ukaribu hupimwa kwa kuzidisha namba za safu moja na wenzake wa safu ya pili, kisha kujumlisha. Hata hilo halifanywi kwa video zote: faharasa maalumu huziweka vekta zilizo jirani pamoja, na utafutaji huishia katika vitongoji vichache vyenye dalili nzuri. Jibu si kamilifu, maana video mbili tatu nzuri huweza kurukwa, lakini linapatikana haraka.

Modeli hii ina tabia zake zinazopaswa kudhibitiwa. Watafiti hao walitoa mfano wa mtu aliyetoka kutafuta jina la Taylor Swift. Modeli inayojua mfuatano wa utafutaji itaona kwamba video atakayoitazama sasa huenda ni ile iliyojitokeza katika utafutaji ule, kwa hiyo ukurasa wake wa mwanzo utamrudishia orodha ileile aliyokwisha kuiona. Utabiri ni sahihi, ila pendekezo halina faida. Dawa yao ilikuwa kuuondoa mfuatano: maneno yaliyotafutwa yalitiwa pamoja bila mpangilio, modeli isijue lipi lilikuja mwisho.

Tabia ya pili ni kupendelea vya zamani. Data ya mafunzo hukusanywa kwa wiki kadhaa, na modeli hujifunza umaarufu wa wastani wa kipindi chote. Video iliyopakiwa juzi na kuvuma leo haionekani kuwa na uzito wowote. Basi kila mfano wa mafunzo uliongezewa umri wake, yaani muda uliopita tangu utazamaji ule utokee, na saa ya huduma umri huo uliwekwa sifuri. Kwa hiyo modeli hutabiri kinachotazamwa sasa badala ya kutoa wastani wa wiki zilizopita.

Wagombea mamia kadhaa wakishapatikana, hatua ya pili inaweza kuuliza maswali ya undani ambayo yasingewezekana kuulizwa juu ya mamilioni. Je, mtu huyu ametazama video ngapi za chaneli hii? Mara ya mwisho kutazama mada hii ilikuwa lini? Video hii imeshaonyeshwa kwake mara ngapi bila kubofywa? Swali la mwisho ndilo linalofanya pendekezo ulilolipuuza lishuke polepole utakaporudi tena.

Jambo zito zaidi katika hatua hii ni kuamua alama ipimwe kwa nini. Tuchukue mfano wa hesabu. Video ya kwanza ina picha ya jalada yenye kushtua. Imeonyeshwa mara 1,000, imebofywa mara 100, na kila aliyebofya alitazama sekunde 20 kisha akaondoka. Video ya pili imeonyeshwa mara 1,000 pia na kubofywa mara 40 tu, lakini kila mmoja alitazama sekunde 300. Tukihesabu mibofyo, ya kwanza inashinda kwa mbali. Tukihesabu muda, ya kwanza imepata sekunde 2,000, ambazo ni wastani wa sekunde 2 kwa kila kuonyeshwa. Ya pili imepata 12,000, yaani wastani wa sekunde 12.

YouTube ilichagua muda, na modeli ilifundishwa kwa njia rahisi. Kila mbofyo ulipewa uzito sawa na sekunde zilizotazamwa, na kila kuonyeshwa bila mbofyo kulipewa uzito wa 1. Modeli hujifunza uwiano wa hizo mbili: kwa video ya kwanza 2,000 kwa 900, takriban 2.2, kwa ya pili 12,000 kwa 960, yaani 12.5. Kwa kuwa mibofyo ni michache kulinganisha na mara za kuonyeshwa, namba hizo zinakaribia sana wastani halisi wa 2 na 12, na zinatosha kuzipanga video.

Hata hivyo hatua ya pili haina uwezo wa kuongeza jina. Ni kama mchujo wa chama kabla ya uchaguzi: aliyeanguka humo hayumo katika karatasi ya kura, hata kama wananchi wangempigia. Kwa hiyo mapendekezo yakiwa mabaya, fundi hutakiwa kujua kwanza kosa liko wapi. Huchukua video ambazo watu walizitafuta wenyewe na kuzitazama hadi mwisho, kisha huangalia ni ngapi kati yake zilikuwamo katika orodha ya wagombea ya siku ile. Zikiwamo chache, kuiboresha modeli ya kupanga ni kupoteza muda. Kinachohitaji kurekebishwa ni mchujo. Zikiwamo nyingi lakini zilikaa mkiani, mchujo umefanya kazi yake, na lawama ni ya mpangilio.

Kipimo hicho kinamfaa pia mtengeneza video anayejiuliza kwa nini hapati watazamaji. Takwimu za chaneli humwonyesha video ilionyeshwa mara ngapi na ikabofywa na wangapi. Video iliyoonyeshwa mara nyingi bila kubofywa imeshavuka hatua zote mbili, na walioikataa ni watazamaji. Ile isiyoonyeshwa kabisa huenda haijawahi hata kuwa mgombea, na kubadili picha yake ya jalada hakutaisaidia, kwa sababu hakuna aliyeiona picha hiyo.