Risasi kwenye tuta la mchicha

Kando ya Mto Msimbazi, Dar es Salaam, matuta ya mchicha yamepakana na barabara na gereji. Tuseme udongo wa tuta moja, sentimita 20 za juu, umepimwa maabara: kila kilo ina miligramu 60 za risasi. Udongo wa asili, uliochukuliwa mbali na barabara, una 10. Mara sita! Ngoja kwanza.

Tuta lina udongo wa mfinyanzi mwingi, na mfinyanzi hushika metali kuliko mchanga, hata pasipo uchafu. Ndiyo maana hupimwa pia chuma, ambacho nacho hufuata mfinyanzi. Tuta lina miligramu 20,000 za chuma kwa kilo, udongo wa asili 10,000. Gawa risasi kwa chuma kila upande: 0.003 na 0.001. Gawa tena, unapata 3. Hiki ndicho kipeo cha urutubisho, jina la ajabu kwa kitu kinachopima uchafu. Chini ya 2 huhesabiwa hali ya asili. 2 hadi 5, uchafuzi wa wastani.

Kipimo hiki kina mitego. Ukitumia wastani wa miamba ya dunia, takriban 20 za risasi na 50,000 za chuma, tuta lilelile linapata 7.5. Na vyuma chakavu vya gereji vikiwa vimeoza humo, chuma hupanda na kuficha risasi. Hapo heri aluminiamu. Wala 3 haisemi ni risasi kiasi gani imeingia kwenye majani: mchicha wenyewe upimwe, baada ya kuoshwa.