Bwawa la Ishirini kwa Kumi na Tano Linachukua Maji Kiasi Gani?

Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilipoanza kuwachimbia wananchi mabwawa ya samaki katika mpango wake wa kuchochea uchumi, kipimo kilichochaguliwa kilikuwa mita za mraba 300. Tangu hapo bwawa la mita 20 kwa 15 limekuwa kama sare ya wafugaji wadogo, na si Kenya peke yake. Ukimuuliza mwenye bwawa kama hilo lina ukubwa gani, atakujibu papo hapo. Muulize sasa linachukua maji kiasi gani, na hapo ndipo hesabu zinapoanza kutofautiana.

Wengi huzidisha urefu kwa upana kwa kina. Kina kutoka juu ya tuta hadi chini ni mita 1.3, basi 20 mara 15 mara 1.3 ni mita za ujazo 390. Kila mita ya ujazo ni lita 1,000, kwa hiyo bwawa lina lita 390,000. Hesabu hiyo ingekuwa sahihi kama bwawa lingekuwa tangi la zege lenye kuta zilizosimama wima na limejazwa hadi mdomoni. Bwawa la udongo haliko hivyo, na ukilipima vizuri utakuta lina karibu nusu tu ya maji hayo.

Sababu ya kwanza ni kuta. Udongo ulioloa maji hausimami wima. Ukichimba ukuta ulionyooka, msimu wa kwanza tu unamomonyoka na kujaza tope chini. Ndiyo maana kuta huchimbwa kwa kulala. Kwenye udongo mzuri wa mfinyanzi, mlalo unaotumika sana ni wa mbili kwa moja, yaani kila unaposhuka mita 1, ukuta unaingia ndani mita 2. Penye mchanga mwingi ukuta hulazwa zaidi, hata tatu kwa moja.

Sababu ya pili ni kwamba maji hayafiki juu ya tuta. Huachwa nafasi ya sentimita 30 hivi ili mvua kubwa isivushe maji juu ya tuta na samaki wakaondoka nayo. Futikamba iliyonyooshwa kutoka ukingo hadi ukingo imepima tuta, haijapima maji.

Tulichukue bwawa letu tulishushe hatua kwa hatua. Juu ya tuta ni 20 kwa 15. Tunashuka sentimita 30 kufika usawa wa maji. Kwa mlalo wa mbili kwa moja, kila ukuta umeingia ndani sentimita 60. Hapa kuna mtego unaowanasa wengi: kuta ni mbili kwa kila upande wa hesabu, zikitazamana. Urefu haupungui sentimita 60, unapungua mita 1.2, na upana vilevile. Uso wa maji basi ni 18.8 kwa 13.8, karibu mita za mraba 259. Tunashuka mita 1 nyingine ya maji hadi chini. Kila ukuta unaingia mita 2, kwa hiyo tunatoa 4 kwenye urefu na 4 kwenye upana. Kitako cha bwawa kinabaki 14.8 kwa 9.8, mita za mraba 145. Bwawa tunaloliita la mita 300 lina sakafu ambayo haifiki hata nusu ya hizo.

Sasa tunahitaji ujazo wa umbo ambalo ni pana juu na jembamba chini. Ipo kanuni kamili: eneo la juu, jumlisha eneo la chini, jumlisha eneo la katikati mara nne, gawa kwa sita, kisha zidisha kwa kina cha maji. Katikati ya kina, bwawa letu lina 16.8 kwa 11.8, sawa na mita za mraba 198. Ukiifuata kanuni hiyo unapata mita za ujazo 199.6, tuseme 200. Lita 200,000, si 390,000.

Ninachopenda kumwambia mfugaji, hata hivyo, ni kwamba si lazima aikariri kanuni hiyo. Achukue urefu na upana wa pale katikati ya kina cha maji, azidishe kwa kina: 16.8 mara 11.8 mara 1 ni 198. Pengo kati ya 198 na 200 ni dogo kuliko makosa ya jembe la mchimbaji. Kipimo hicho kimoja cha katikati ndicho kinachobeba hesabu yote.

Wapo watakaouliza kuhusu sakafu, maana bwawa zuri huinama kidogo kuelekea kwenye bomba la kutolea maji, labda sentimita 80 za maji upande wa kuingilia na mita 1.2 upande wa kutokea. Nimelifanyia hesabu bwawa la namna hiyo kwa ukamilifu, na ujazo wake ulitofautiana na ule wa sakafu bapa yenye kina cha wastani cha mita 1 kwa nusu mita ya ujazo tu. Tumia kina cha wastani bila wasiwasi. Mlalo wa kuta ndio unaokula maji, si mwinamo wa sakafu.

Kama bwawa tayari limejaa na hukumbuka fundi alilaza kuta kiasi gani, ingia majini na kijiti kilichowekwa alama za sentimita. Pima mita 1 kutoka ukingo wa maji kuelekea ndani, kwa futikamba iliyolala juu ya maji, kisha simamisha kijiti hapo. Kikionyesha sentimita 50, mlalo ni mbili kwa moja. Kikionyesha 33, ni tatu kwa moja. Rudia sehemu kadhaa za kila ukuta, kwa sababu bwawa la miaka mitatu au minne halina tena kuta ilizozaliwa nazo. Sehemu ya juu huliwa na mawimbi na miguu ya watu, na udongo hujilundika chini.

Ujazo huo ukiukosea, hasara yake hutokea mahali ambapo mtu hakutazamia. Dawa ya maji inayopimwa gramu 2 kwa kila mita ya ujazo itahitaji gramu 400 kwenye bwawa letu. Aliyeamini kuwa ana mita 390 atamwaga gramu 780, karibu dozi mbili, na samaki ndio watakaolipa. Vifaranga navyo huhesabiwa kwa uso wa maji: ukipandikiza perege watatu kwa kila mita ya mraba, uso wa 259 unachukua kama 780, si 900 wanaotokana na kipimo cha tuta.

Tumejua chombo kinachukua nini. Kujua maji ya kukijaza ni swali jingine, kwa sababu wakati maji yanaingia, mengine yanatoka. Jua linakausha, na udongo unanywa. Chukulia bwawa jipya ambalo uso wake unashuka milimita 15 kwa siku, 5 kwa jua na 10 kwa kuvuja. Likiwa limejaa, hizo ni mita za ujazo 3.9 kila siku, zaidi ya lita 3,800.

Pima kwanza mfereji au bomba lako kwa ndoo ya lita 20 na saa ya simu. Ndoo ikijaa kwa sekunde 40, unapata nusu lita kwa sekunde, yaani mita za ujazo 43 kwa siku. Bwawa litajaa kwa siku tano hivi, na upotevu hutausikia. Lakini ndoo hiyo ikichukua dakika 3, unapata mita 9.6 tu kwa siku. Kwa hesabu ya haraka ungesema siku 21. Toa upotevu, ambao katika kipindi chote cha kujaza utakuwa wastani wa mita 3 kwa siku, na zinabaki 6.6. Siku 21 zimekuwa mwezi mzima.

Hali inakuwa mbaya zaidi kwenye udongo wa kichanga. Uso ukishuka milimita 40 kwa siku, bomba hilohilo halitalijaza bwawa kamwe. Maji yatapanda hadi kina cha sentimita 85 hivi kisha yatasimama, kwani uso wake hapo umefika mita za mraba 240 na unapoteza kila siku kiasi kilekile kinachoingia. Mtu anaona maji yamegoma, anakwenda kukagua bomba, na bomba ni zima. Kinachotakiwa ni kumwaga maji, kutandaza udongo wa mfinyanzi chini na kwenye kuta, kuulowesha na kuushindilia.

Ili ujue maji yanapotelea wapi, funga maji yanayoingia siku isiyo na mvua. Simamisha kijiti chenye alama bwawani, na ukalishe ndoo pana iliyojaa maji ndani ya bwawa, mdomo wake ukiwa juu kidogo ya uso wa maji. Ndoo inapoteza kwa jua peke yake. Bwawa linapoteza kwa jua na kwa kuvuja. Baada ya siku mbili au tatu, toa mshuko wa ndoo kutoka mshuko wa bwawa. Kinachobaki kimekwenda ardhini.

Kuna jambo jingine linalowachanganya wanaojaza kwa mashine. Maji yakifika nusu ya kina, wanadhani kazi imefika nusu, na wananunua mafuta ya kumalizia sawasawa na yale waliyokwisha kuchoma. Kwenye bwawa letu, sentimita 50 za chini zina mita za ujazo 85 na nusu tu. Zile 50 za juu zina 114. Bwawa linapanuka kadiri linavyojaa, na kila sentimita ni ghali kuliko iliyoitangulia. Kwa wanaoletewa maji na boza la lita 10,000, maboza nane na nusu yanafika katikati, na mengine kumi na moja na nusu yanahitajika kufika juu, mbali na yale yatakayonywewa na udongo mkavu.

Kwa hiyo nashauri mti wa kudumu usimamishwe karibu na bomba la kutolea maji, wenye alama za kina cha wastani kila sentimita 25, na kando ya kila alama iandikwe kwa rangi idadi ya mita za ujazo: 39 kwenye alama ya kwanza, 85 ya pili, 139 ya tatu, 200 ya nne. Siku ya kutia dawa unasoma namba iliyoguswa na maji, bila kurudia hesabu. Na wakati wa kiangazi, uso ukishuka sentimita 3 chini ya alama ya juu, unajua umepungukiwa na lita 7,700 hivi, na kwa lile bomba la ndoo kwa dakika 3 itakubidi uliache wazi zaidi ya siku nzima kuzirudisha.