Kutoka kilo hadi gramu bila kuzima mfumo

Chai ya Sosiot na vijiji vingine vya Belgut haina msimu wa kupumzika. Mvua ya Kericho na Bomet huwaweka wachumaji shambani karibu mwaka mzima, na majani yakishachumwa hayasubiri mtu: yakikaa kwenye gunia hupata joto na kuharibika, hivyo lazima yapimwe kituoni na kufika kiwandani siku ile ile. Kompyuta inayoandika uzito wa majani hayo nayo haipati wiki ya kufungwa ili ifanyiwe ukarabati.

Tuchukue mfumo wa kubuni wenye wakulima 8,000. Kila mmoja hupeleka majani kituoni kama mara 12 kwa mwezi. Karani hupima kwa mizani ya kidijitali, kifaa chake cha mkononi hutoa risiti, na baadaye rekodi hutumwa kwenye seva. Mizani husoma hadi gramu 100, lakini waliounda mfumo miaka mitano iliyopita waliweka safu inayoitwa `kilo`, ya namba nzima tu. Gunia la kilo 12.6 huandikwa 12. Kwa wastani mkulima hupoteza gramu 450 kila anapopima, yaani zaidi ya kilo tano kwa mwezi. Sasa imeamuliwa uzito uandikwe kwa gramu.

Mtu wa haraka atasema: zima mfumo usiku, badilisha safu, washa asubuhi. Kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, kugeuza safu ya namba nzima iwe ya desimali huandika upya jedwali lote, na muda wote huo hakuna anayeweza kusoma wala kuandika. Kwa rekodi karibu milioni sita, usiku mmoja ungetosha. Kizuizi kiko kwingine. Kuna vituo kwenye mabonde ambako mtandao ni wa kubahatisha, na kifaa cha karani huhifadhi rekodi hadi kiupate. Baadhi ya vifaa vitabaki na programu ya zamani kwa siku kadhaa, vikituma kilo kwa hifadhidata inayotaka gramu. Hakuna saa ambayo wote watabadilika pamoja, usiku wala mchana.

Kwa hiyo muundo wa zamani na mpya lazima uishi pamoja kwa muda. Scott Ambler na Pramod Sadalage walieleza njia hii kwa kina katika kitabu chao cha mwaka 2006 kuhusu kurekebisha hifadhidata hatua kwa hatua: ongeza kipya, hamisha taratibu, kisha ondoa cha zamani.

Hatua ya kwanza ni kuongeza safu mpya bila kugusa ya zamani:

```sql
SET lock_timeout = '3s';
ALTER TABLE mapokezi ADD COLUMN gramu integer;
```

Mstari wa kwanza ndio wenye busara. Kuongeza safu tupu huchukua muda mfupi sana, lakini amri hiyo huhitaji kufuli la jedwali zima. Ikikuta ripoti ndefu inaendelea kulisoma jedwali, itasubiri, na kila ombi linalofuata litapanga foleni nyuma yake, kama magari nyuma ya lori lililokwama darajani. Makarani wataona vifaa vyao vimeganda ingawa hakuna kilichoharibika. Kwa kuweka kikomo cha sekunde tatu, amri hujiondoa yenyewe na unairudia baadaye.

Hatua ya pili ndiyo ngumu, nayo ni kuhakikisha safu mbili hazipingani. Kazi hiyo hupewa triga, kipande cha msimbo ndani ya hifadhidata kinachoendeshwa kabla ya kila rekodi kuandikwa. Kiini chake ni hiki:

```sql
IF TG_OP = 'INSERT' THEN
  IF NEW.gramu IS NULL THEN
    NEW.gramu := NEW.kilo * 1000;
  ELSE
    NEW.kilo := NEW.gramu / 1000;
  END IF;
ELSIF NEW.gramu IS DISTINCT FROM OLD.gramu THEN
  NEW.kilo := NEW.gramu / 1000;
ELSIF NEW.kilo IS DISTINCT FROM OLD.kilo THEN
  NEW.gramu := NEW.kilo * 1000;
END IF;
```

Kifaa cha zamani kikileta kilo 12, gramu hujazwa 12,000. Kipya kikileta gramu 12,600, safu ya zamani hupata 12, na ripoti ambazo hazijabadilishwa huendelea kusoma kama kawaida. Tazama sehemu ya chini, ambapo rekodi iliyopo inarekebishwa. Msimamizi anayetumia programu ya zamani anaweza kufungua rekodi ili asahihishe namba ya mkulima, na programu ikairudisha yote, pamoja na kilo 12 ambazo hazikuguswa. Triga isiyouliza kama kilo zimebadilika kweli ingeandika 12,000 juu ya 12,600. Hakuna onyo lolote lingetokea, na mkulima angekatwa gramu 600 kwa sababu namba yake imesahihishwa.

Hatua ya tatu ni kujaza rekodi za nyuma. Usifanye kwa amri moja. PostgreSQL huandika nakala mpya ya kila mstari unaobadilishwa, na amri ya mistari milioni sita huvimbisha jedwali, huichelewesha seva ya akiba, na ikifeli katikati huanza upya. Jaza mistari 5,000, ithibitishe, pumzika kidogo, endelea. Hayo ni mafungu 1,200, na hata kila fungu likichukua sekunde mbili kazi huisha kwa dakika 40 huku makarani wakipima. Sharti kwamba `gramu` isiwe tupu huwekwa mwishoni, kwanza kama `NOT VALID`, kisha huhakikiwa kwa `VALIDATE CONSTRAINT`, ambayo haizuii uandishi.

Utajuaje kwamba vifaa vyote vimebadilika? Hesabu rekodi mpya ambazo gramu zake zinaishia kwenye kilo kamili. Kwa mizani inayosoma kila gramu 100, rekodi kama hizo zinapaswa kuwa karibu moja kati ya kumi. Kituo ambacho rekodi zake zote ni kilo kamili bado kina programu ya zamani. Kikiwa na nusu, huenda kuna vifaa viwili na kimoja kimesahaulika.

Hadi hapo malipo yaendelee kuhesabiwa kwa `kilo`. Nasisitiza jambo hili kwa sababu wahandisi hulichukulia kama la kiufundi tu, nalo ni la haki: ukianza kulipa kwa gramu wakati vituo vingine havijahama, majirani wawili watalipwa kwa vipimo viwili. Vituo vyote vikihama, badilisha hesabu ya malipo kuanzia tarehe 1 ya mwezi, na uache njia ya kurudi kwenye safu ya zamani iwapo jumla hazitalingana.

Imebaki kuiondoa `kilo`. Kwanza legeza sharti lake la kutokuwa tupu, kisha ondoa triga, kisha safu yenyewe. Kufuta safu ni kazi ya kufumba na kufumbua, lakini amri hiyo ikishathibitishwa haitenguliki. Hatari hapa ni msomaji anayekuja mara chache. Mwaka wa fedha wa chai ya wakulima wadogo huisha 30 Juni, na ripoti ya bonasi huendeshwa baada ya hapo. Safu inaweza kuonekana haina kazi kuanzia Februari hadi Mei, kumbe ripoti hiyo bado inaisoma. Ningeiacha hadi bonasi ilipwe, hata kama inachukua nafasi kwenye diski, kisha ningeifuta wiki inayofuata.