Maumivu Huisha Kabla ya Mfupa Kupona

Mpwa wangu ana miaka 19 na anakimbia mita 5,000. Masika yalipoanza hapa Arusha, njia za udongo alizozoea kufanyia mazoezi ziligeuka tope, akahamia barabara ya lami. Hilo peke yake pengine lisingemdhuru. Lakini mashindano yalikuwa yanakaribia, naye katika wiki tatu akapandisha mazoezi yake kutoka kilomita 40 kwa wiki hadi 70. Pumzi zilimtosha na misuli haikumsumbua, kwa hiyo hakuona sababu ya kupunguza.

Wiki ya nne muundi wa mguu wa kushoto ukaanza kumuuma upande wa ndani, kama upana wa kiganja juu ya kifundo. Mwanzoni uliuma mwishoni mwa mbio tu. Baadaye ukauma tangu kilomita ya kwanza, na mwishowe ukawa unamuuma usiku akiwa amelala. Wenzake walimshauri apake dawa ya kuchua aendelee. Mama yake akanipigia simu nimpeleke hospitali.

Daktari alimsikiliza, kisha akapitisha kidole gumba taratibu juu ya mfupa, kuanzia chini ya goti. Hakuna kilichotokea mpaka alipofika sehemu moja isiyozidi ukubwa wa sarafu. Binti akaruka pale kitandani. Nilijifunza baadaye kwamba hapo ndipo tofauti ilipo. Wakimbiaji wengi huumwa muundi kwa sababu ya kuvutwa kwa misuli na ngozi nyembamba inayoufunika mfupa. Maumivu hayo husambaa kwenye ukingo wa ndani wa mfupa, urefu wa vidole kadhaa, na mara nyingi hupungua mwili ukishapata joto. Mfupa wenye ufa huuma mahali pamoja panapoonyeshwa kwa ncha ya kidole, na kadiri unavyokimbia ndivyo unavyozidi.

Picha ya eksirei haikuonyesha kitu. Nilifurahi, nikadhani tumepona. Daktari akanirudisha chini: "Mzee, ufa wa namna hii ni mdogo kuliko unywele. Katika wiki mbili tatu za mwanzo picha nyingi hutoka safi. Tutaupiga tena." Kipimo cha MRI kingeuona mapema, lakini gharama yake ilitushinda. Baada ya wiki tatu picha ya pili ilionyesha utando mweupe hafifu pembeni mwa mfupa, pale pale palipokuwa pakiuma. Huo ulikuwa mfupa mpya unaojaribu kuziba.

Mfupa ni kitu hai. Ukiuzidishia kazi, mwili kwanza huchimba sehemu zilizochoka na kuziondoa, halafu hujenga upya kwa uimara zaidi. Kuchimba huchukua wiki tatu hivi, lakini kujenga na kukomaza huchukua miezi mitatu hivi. Kwa hiyo mwanariadha aliyeongeza kilomita ghafla, ifikapo wiki ya tatu au ya nne, anakimbilia mfupa uliojaa vishimo ambavyo havijazibwa, na kila hatua inaubebesha mzigo unaozidi uzito wa mwili wake mara mbili au zaidi. Kifua na moyo huzoea haraka. Mfupa huchelewa. Ndiyo maana ufa huja wakati ule ule mkimbiaji anapojiona yuko vizuri kuliko wakati wote.

Kabla hatujaondoka siku ile ya kwanza, daktari aliniomba nitoke nje. Alikuwa na swali ambalo binti asingelijibu mbele ya mjomba wake. Mwenyewe aliniruhusu niliandike hapa, kwa sababu anataka wasichana wenzake walijue: alikuwa hajaona hedhi kwa miezi mitatu. Alidhani ni dalili ya mazoezi kukolea. Alikuwa pia ameacha ugali wa usiku ili awe mwepesi. Mwili usiopata chakula cha kutosha kwa kazi unayoupa hubana matumizi. Hedhi hukatika, na ujenzi wa mfupa nao hupungua. Kocha yeyote anayemwambia msichana kwamba kukosa hedhi ni jambo la kawaida kwa wakimbiaji anamwongoza vibaya.

Matibabu yenyewe hayakuwa na maajabu. Kwa kuwa hata kutembea kulimuuma, alipewa magongo kwa siku kumi. Aliambiwa ale milo mitatu kamili, dagaa na maziwa visikosekane, na asimeze vidonge vya kutuliza maumivu ili apate kukimbia, kwa kuwa maumivu ndiyo kipimo pekee anachotembea nacho. Alikatazwa kukimbia mpaka atakaporuhusiwa.

Wiki ya tano maumivu yakaisha kabisa. Alisubiri siku nne, ya tano akaamka saa kumi na mbili asubuhi, akavaa raba, akakimbia kilomita sita. Alirudi nyumbani akiwa na furaha, kwa kuwa hakusikia chochote. Jioni ya kesho yake alikuwa anachechemea.

Alimwambia daktari kwa sauti ya chini, "Shikamoo, Dokta. Nilijaribu kidogo tu."

"Marahaba, mwanangu. Ulijaribu saruji ambayo haijakauka."

Maumivu hutulia uvimbe unapopungua na kiraka cha kwanza cha mfupa kinapoishika sehemu ile. Kiraka hicho bado ni laini, na nyuzi zake hazijapangika. Kinabeba kutembea, lakini hakibebi maelfu ya hatua za mbio. Siku zikaanza kuhesabiwa upya, na mashindano yakapita yeye akiwa nyumbani. Alilia sana wiki ile, nami sikuwa na neno la kumpa. Hata hivyo daktari alimwambia ana bahati: ufa ungekuwa upande wa mbele wa muundi, ambako mfupa huvutwa kwa nguvu na hupona kwa shida, pengine angehitaji upasuaji.

Safari ya pili aliifuata kwa daftari. Kila siku aliandika namba tatu, kutoka sifuri hadi kumi: maumivu kabla ya zoezi, wakati wa zoezi, na asubuhi inayofuata. Hiyo ya asubuhi ndiyo iliyokuwa na uamuzi. Kwanza alitembea tu, kisha akaendesha baiskeli bila mlima. Hakuruhusiwa kukimbia mpaka alipoweza kutembea kwa kasi nusu saa nzima kwa zaidi ya wiki moja bila maumivu, na kubonyeza mfupa bila kushtuka.

Hata hapo alianza na dakika moja ya kukimbia na nne za kutembea, mara sita, kwenye nyasi, siku moja ndiyo na siku inayofuata hapana. Namba ya asubuhi ikibaki sifuri, aliongeza dakika moja ya kukimbia na kupunguza moja ya kutembea. Ikipanda, alirudi hatua moja nyuma. Ilipanda mara mbili. Mara ya pili nilimkuta amekaa kizingitini na daftari mapajani, nikadhani atavunja masharti. Aliandika "2", akavua raba, akaenda kuosha vyombo.

Hedhi ilirudi mwezi wa tatu tangu alipoanza kula vizuri. Wiki ya 19 tangu siku ya picha ya kwanza, alikimbia dakika 30 mfululizo kwenye njia yake ya udongo, ambayo ilikuwa imekwisha kukauka. Kesho yake asubuhi alibonyeza muundi, akaandika sifuri.